Faili Moja, Mikono Miwili: Lini Tufunge, Lini Tuunganishe

Katika ofisi nyingi za usanifu na uchapishaji kuna ujumbe unaozunguka kwenye kundi la WhatsApp karibu kila siku ya kazi: "Jalada niko nalo, msiguse." Baada ya saa moja au mbili unafuata mwingine: "Nimemaliza, chukueni." Wengi wanaouandika hawajawahi kusikia habari za mifumo ya kudhibiti matoleo ya faili, ila wamekwisha kuigundua wenyewe moja ya njia zake mbili kuu, yaani kufunga faili ili mtu mmoja tu aiguse kwa wakati mmoja. Waandishi wa programu za kompyuta wana njia nyingine. Wao hawaombani ruhusa. Kila mmoja huchukua nakala yake, huandika anavyotaka, na mwishoni mfumo huwaunganishia kazi zao zikawa faili moja. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoenea zaidi leo, na mara nyingi msanifu anayehamia kwenye mfumo kama Git huambiwa aifuate tu kama wenzake. Ushauri huo ni mbaya, na sababu yake iko ndani ya faili yenyewe.

Kufunga ndiko kulikotangulia. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, aliandika SCCS, mfumo wa kutunza kila toleo la faili ya msimbo. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, uliokuwa mwepesi na ukapendwa. Katika RCS, ukichukua faili bila kusema lolote, unapewa nakala ya kusoma tu. Ukitaka kuibadilisha, unaichukua kwa kufuli, kwa amri `co -l`, na tangu hapo mwingine yeyote anayetaka kuifunga hukataliwa hadi uirudishe. Tichy alijua kwamba watu husahau kufuli, kwa hiyo aliacha njia ya kuzivunja, lakini si kimyakimya: anayevunja hutakiwa kueleza sababu, na maelezo yake hutumwa kwa barua pepe kwa yule aliyenyang'anywa. Mtu aliyefikiria jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anawafahamu watu wa ofisini vizuri.

Kilichowafanya waandishi wa programu waachane na kufuli ni ratiba. Kati ya 1984 na 1985, Dick Grune wa Vrije Universiteit, Amsterdam, alikuwa anashughulikia programu moja kubwa pamoja na wanafunzi wawili. Mmoja alifanya kazi saa za ofisi, wa pili alikuja na kuondoka bila utaratibu, na Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kwa kufuli, anayeondoka jioni bila kurudisha faili angemzuia anayeingia usiku. Grune akatengeneza CVS juu ya RCS, akaitangaza hadharani 1986, na wazo lake kuu lilikuwa kwamba kila mtu afanye kazi kwenye nakala yake na tofauti zisuluhishwe baadaye. Subversion, Git na mifumo mingine iliyofuata imesimama juu ya wazo hilo.

Ili uone kwa nini wazo hilo linafaa kwa maandishi, inabidi ujue mfumo unafanya nini hasa unapounganisha. Haulinganishi nakala mbili, bali tatu: yako, ya mwenzako, na ile ya zamani mliyoanzia wote wawili. Hiyo ya tatu ndiyo siri yote. Tuseme nakala yako ina mstari ambao ya mwenzako haina. Kwa nakala mbili pekee huwezi kujua kama wewe umeuongeza au yeye ameufuta. Ukitazama ya zamani unapata jibu mara moja: kama mstari ulikuwemo, yeye ameufuta, kama haukuwemo, wewe umeuongeza. Kwa hiyo mfumo hupita mstari kwa mstari. Palipobadilishwa na mmoja tu, unachukua badiliko lake. Palipobadilishwa na wote wawili kwa namna tofauti, unasimama na kuwauliza.

Chukua ofisi ndogo inayoandaa kitabu cha watoto. Mhariri anarekebisha mstari wa 12 wa hadithi, na mtu wa masoko anaandika upya mstari wa 40. Kuunganisha kunakwisha kabla hawajapepesa jicho. Siku nyingine wote wawili wanagusa mstari wa bei, na mfumo unawaachia hivi ndani ya faili:

```
<<<<<<< HEAD
Bei: Sh 8,500
=======
Bei: Sh 9,000
>>>>>>> masoko
```

Juu ni bei ya mhariri, chini ni ya masoko. Mtu anafungua faili, anasoma, anapiga simu moja, anaacha mstari mmoja na kufuta alama. Kazi ya dakika mbili. Kilicho muhimu ni kwamba mgongano umebaki pale pale ulipotokea, na mistari mingine yote ya hadithi imesalimika.

Sasa tuingie kwenye jalada la kitabu hicho hicho, faili ya Photoshop iitwayo `jalada.psd`. Mchoraji anabadilisha rangi ya anga. Siku hiyo hiyo msanifu, kwenye nakala yake, anasogeza jina la mwandishi chini kidogo. Kwa macho ya binadamu hawajagusana kabisa, kwa kuwa anga iko kwenye tabaka moja na jina liko kwenye jingine. Wanapounganisha, Git inasema:

```
warning: Cannot merge binary files: jalada.psd (HEAD vs. masoko)
CONFLICT (content): Merge conflict in jalada.psd
```

Hapa hakuna alama za kuhariri wala sehemu iliyosalimika. Chaguo ni mbili tu: `git checkout --ours` ili ubaki na faili yako nzima, au `--theirs` ili uchukue ya mwenzako nzima. Ukichukua anga mpya, jina linarudi lilikokuwa. Ukichukua jina, anga mpya inakwenda na maji.

Git imejuaje kwamba faili hii haiunganishiki? Njia yake ni nyepesi ajabu. Isipoelekezwa vingine, inasoma baiti 8,000 za mwanzo, na ikikuta humo baiti moja yenye thamani ya sifuri, inahesabu kwamba hayo si maandishi. Maandishi ya kawaida hayana baiti ya namna hiyo, ilhali faili za picha, sauti, ramani za majengo na programu zilizokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine zimejaa baiti hizo. Katika uamuzi huo Git iko sahihi, hata kama msanifu ataona imekuwa mvivu. Kuunganisha baiti za faili kama hiyo kungeharibu zaidi.

Tazama picha ya PNG, ambayo muundo wake unajulikana vizuri. Rangi za nukta zake zimebanwa ili faili iwe ndogo, na katika kubana, kinachoandikwa mahali fulani hutegemea kilichotangulia. Ukibadilisha nukta moja karibu na juu ya picha, badiliko linaweza kusambaa kwenye baiti nyingi zinazofuata. Juu ya hayo, kila kipande cha faili kinabeba mwishoni baiti nne za uhakiki zilizokokotolewa kutokana na yaliyomo. Mtu akishona nusu ya faili yako na nusu ya faili ya mwenzako, hesabu hizo hazitalingana, na programu makini itakataa kuifungua au itaonyesha picha iliyokatika katikati.

Faili ya PSD ina kikwazo chake pia. Sehemu zake kuu hutangulizwa na tarakimu inayosema sehemu ina urefu wa baiti ngapi. Ukichomeka tabaka la mwenzako bila kurekebisha tarakimu hizo, msomaji wa faili anahesabu vibaya na kutua mahali pasipo. Tena, PSD inapohifadhiwa ili isomeke na programu nyingine, huwa na picha moja iliyokamilika mwishoni, matabaka yote yakiwa yamelazwa pamoja. Kwa hiyo mchoraji aliyegusa anga na msanifu aliyegusa jina, ambao kwenye matabaka walikuwa mbalimbali, wote wawili wamebadilisha picha ile ya mwisho. Ndani ya faili wamegongana, hata kama kwenye kioo hawakukaribiana.

Hata tungepata chombo kinachoelewa matabaka, lingebaki swali ambalo chombo hakiwezi kulijibu. Huenda mchoraji aliitia anga giza akijua herufi za jina ni nyeupe na ziko juu. Msanifu amezishusha hadi kwenye mchanga wa rangi ya maziwa. Badiliko la kila mmoja ni zuri peke yake; yakiwekwa pamoja, jina halisomeki. Ni kweli kwamba maandishi nayo huwa na hatari hiyo: mhariri akibadilisha jina la sungura katika hadithi yote, na mwenzake akaongeza aya mpya yenye jina la zamani, mfumo utaunganisha bila kulalamika na hadithi itakuwa na sungura wawili. Lakini kosa hilo linaonekana kwa kusoma na linarekebishwa kwa neno moja. Jalada linataka mtu akae alitazame upya lote.

Kwangu mimi hesabu yote iko hapa. Kufunga kuna gharama yake, ambayo ni kusubiri. Kuunganisha nako kuna yake, ambayo ni kusuluhisha migongano. Kwenye maandishi, mgongano unakula dakika chache na hautokei mara kwa mara, kwa hiyo kumfanya mtu asubiri nusu siku ni hasara tupu. Kwenye faili ya usanifu, mgongano mmoja unafuta kazi yote ya mtu mmoja, iwe ni ya saa moja au ya siku tatu. Gharama inapofika hapo, kusubiri ndiko rahisi. Uamuzi huu haupaswi kutegemea mfumo upi ni wa kisasa na upi ni wa zamani.

Waliotengeneza Subversion walilikubali hilo baada ya kuwasikiliza watumiaji. Toleo lake la 1.0 lilitoka 2004 likiwa na njia ya kuunganisha tu. Mwaka uliofuata, katika toleo la 1.2, kufuli zikaongezwa kwa ajili ya faili zisizounganishika. Mfumo wa Perforce, unaopendwa na watengenezaji wa michezo ya kompyuta ambao kazi yao imejaa michoro na maumbo, humruhusu msimamizi aipe faili alama ya `+l`, na tangu hapo ni mtu mmoja tu anayeweza kuifungua kwa kuihariri. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, haikuwa na kufuli. Hizo zilikuja baadaye kupitia kiongezi kiitwacho Git LFS. Kiongezi hiki huweka faili kubwa kwenye seva peke yake, na ndani ya hazina ya Git hubakiza kipande kidogo cha maandishi kinachoonyesha ilipo.

Tufuate ofisi yetu ya kitabu ikitumia hicho cha mwisho. Mara moja tu, mwanzoni, mtu anatangaza kwamba faili zote za PSD ni za kufungwa:

```
git lfs track "*.psd" --lockable
```

Amri hiyo inaongeza mstari kwenye faili iitwayo `.gitattributes`, ambayo ni lazima ihifadhiwe na kupelekwa kwenye seva ili iwafikie wote. Kuanzia hapo, faili za PSD kwenye kompyuta ya kila mtu aliyeweka kiongezi hicho zinakuwa za kusoma tu. Mchoraji akifungua jalada bila kulifunga na kujaribu kulihifadhi, Photoshop inamkatalia. Watu huliona hili kama usumbufu, lakini ndilo linalofanya kufuli iwe na maana. Linakuzuia kabla hujapoteza asubuhi yako, na si jioni unapopeleka kazi ukaambiwa kuna aliyekutangulia.

Akitaka kufanya kazi, anaandika:

```
git lfs lock picha/jalada.psd
git pull
```

Faili inaanza kuandikika kwake peke yake. Msanifu akiandika `git lfs locks` anaona jalada limeshikwa na nani, na akijaribu kulifunga naye, anakataliwa. Huu ndio ujumbe wa "niko nalo, msiguse", isipokuwa sasa unatunzwa na seva na haupotei chini ya picha za harusi. Mchoraji akimaliza, anahifadhi toleo, analipeleka kwa `git push`, ndipo anafungua kwa `git lfs unlock picha/jalada.psd`.

Mpangilio wa hatua hizo una uzito, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakiumia. Kufuli inakuhakikishia kwamba hakuna mwingine anayehariri sasa. Haikuhakikishii kwamba nakala uliyo nayo ndiyo ya mwisho. Ukifunga faili uliyoivuta juzi, ukaanza kuchora, unaweza kuwa unachora juu ya jalada la juzi huku kazi ya jana ya mwenzako ikikungoja kwenye seva. Ukija kupeleka, mgongano uko palepale, na kufuli umeishika wewe. Ndiyo maana `git pull` inakuja baada ya kufunga na kabla ya kugusa kitu. Subversion ina busara zaidi hapa: ukiomba kufuli ukiwa na nakala iliyopitwa na wakati, inakukatalia na kukuambia kuna toleo jipya. Git LFS haikuulizi.

Upande wa kufungua nako kuna mtego. Git LFS inakataa kufungua faili yenye mabadiliko ambayo hujayahifadhi kama toleo. Lakini ukishahifadhi kwenye kompyuta yako, itakuruhusu ufungue hata kama hujapeleka chochote kwenye seva. Mwenzako anaona kufuli imeondoka, anafunga, anavuta, na anapata faili ya zamani. Matawi yanaongeza ugumu, kwa sababu kufuli ya Git LFS hushika njia ya faili na haijali uko kwenye tawi gani. Msanifu anaweza kumaliza kazi kwenye tawi la masoko, akaipeleka na kufungua kwa utaratibu kamili, kisha mchoraji aliye kwenye tawi kuu akafunga, akavuta, na bado asiione kazi ile, kwa kuwa haijaingia kwenye tawi lake. Kwa faili za usanifu ushauri wangu ni kuwa na tawi moja tu ambalo michoro hubadilishwa. Matawi yana maana pale tu unapoweza kuyaunganisha, na michoro haiunganishiki.

Kisha kuna kufuli iliyosahauliwa. Mtu amefunga jalada Ijumaa akaenda kijijini, na kitabu kinatakiwa kwa mpiga chapa Jumatatu. Mifumo yote ina njia ya kuvunja kwa nguvu. Kwenye Git LFS ni `git lfs unlock --force`. Kabla ya kuitumia, mpigie simu mwenye kufuli. Akiwa na kazi kwenye kompyuta yake ambayo hajaipeleka, mkubaliane ya nani itabaki, kwa sababu moja lazima itatupwa. Dalili kwamba kufuli zinawashinda ni majina ya faili. Ukianza kuona `jalada-mpya.psd` na `jalada-final2.psd` ndani ya hazina, ujue kuna mtu amechoka kusubiri akahifadhi kwa jina jingine, na kufuli haimzuii, kwa kuwa hiyo ni faili nyingine kabisa.

Mtu huyo hana haja ya kukaripiwa. Mara nyingi amekwama kwa sababu faili moja imebeba kazi za watu wengi mno, na dawa yake ni kuigawa. Wasanifu majengo wanaotumia AutoCAD wameshazoea: ramani ya kuta ni faili moja, ya umeme ni nyingine, ya mabomba nyingine, na mchoro mkuu unaziita zote kwa rejea bila kuzimeza. Fundi umeme anafunga yake na mchora kuta hasubiri. Photoshop nayo inaruhusu kuingiza picha kwa kuunganisha na faili ya nje, hivyo anga ya jalada letu inaweza kuishi katika `anga.psd`, mikononi mwa mchoraji, huku msanifu akishika `jalada.psd` yenye herufi tu.

Magazeti na majarida yanayopangwa kwa InDesign yamelipeleka jambo hili mbali zaidi kupitia programu mwenza iitwayo InCopy. Maandishi ya kila habari hutolewa kwenye ukurasa na kuwa faili yake, yenye kufuli yake. Mhariri huichukua habari moja na kuirekebisha akiwa anauona ukurasa jinsi utakavyochapwa, na wakati huo huo mpanga kurasa anasogeza picha na kubadilisha upana wa safu. Mhariri hawezi kugusa mpangilio, mpanga kurasa hawezi kugusa maneno yaliyochukuliwa, na alama ndogo juu ya kila fremu ya maandishi inaonyesha kama habari iko huru, iko kwako, au imeshikwa na mwenzako.